Shajara ya Mradi: Faili la Mahesabu ya Mitambo na Umeme na Uhakiki Wake Huru, Arusha

Wiki ya 1

Kazi iliyo mezani ni usanifu wa mitambo na umeme wa hosteli ya ghorofa tatu hapa Arusha, yenye vyumba sitini, jiko moja kubwa la pamoja, nyumba ya pampu nyuma ya kiwanja na jenereta ya akiba. Michoro ya msanifu majengo imefika ikiwa toleo C, na ripoti ya mpimaji inaonyesha kuwa kiwanja kiko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Naiandika namba hiyo hapa mwanzoni kwa sababu itarudi baadaye, na itarudi ikiwa na madai.

Kabla ya mtu yeyote kuanza kukokotoa, tumekubaliana kuhusu umbo la faili la mahesabu. Katika miradi iliyopita kila mhandisi alikuwa na lahajedwali zake kwenye kompyuta yake, na siku mkandarasi alipouliza kwa nini kebo fulani ni ya milimita za mraba 16, tulitumia nusu siku kutafuta jibu katika barua pepe. Safari hii faili ni moja kwa fani zote mbili, nalo lina sehemu nne. Ya kwanza ni msingi wa usanifu, yaani kurasa chache zinazotaja hali za mahali, viwango vinavyofuatwa, mahitaji ya mteja na mipaka ya kazi. Ya pili ni rejista ya dhana, ambamo kila jambo lisilothibitishwa linaandikwa pamoja na mtu atakayelithibitisha na hatua ambayo haliruhusiwi kuvuka likiwa bado dhana. Ya tatu ni karatasi za hesabu zenyewe, zilizopewa namba za M kwa mitambo na E kwa umeme. Ya nne ni jedwali la makabidhiano baina ya fani hizo mbili, likifuatiwa na rejista ya hoja za mhakiki.

Karatasi ya hesabu ina mpangilio mmoja. Juu kuna swali ambalo karatasi inajibu, kwa sentensi moja. Kwa mfano, M-07 inauliza feni ya kutoa hewa jikoni iwe ya ukubwa gani. Chini ya swali kuna namba zinazoingia, na kando ya kila namba kuna asili yake: mchoro wenye namba na toleo, kifungu cha msingi wa usanifu, ukurasa wa katalogi, jedwali la kiwango, au karatasi nyingine ya hesabu. Kisha inafuata njia iliyotumika, ukokotoaji, jibu na mwisho kabisa mahali jibu linakokwenda. Sehemu hii ya mwisho ndiyo wengi huiacha. Karatasi isiyosema jibu lake linatumiwa wapi haiwezi kusaidia siku jibu hilo linapobadilika.

Nimeweka sharti moja ambalo vijana wameliona kuwa gumu: namba isiyo na asili haiingii, na neno "uzoefu" si asili. Mtu akitumia uzoefu wake, namba inakwenda kwenye rejista ya dhana kwanza. Dada anayesimamia umeme aliniuliza, "Hata ile 0.8 ya kipengele cha nguvu?" Nikamjibu kwamba hata hiyo, kwa sababu siku mota zinapopata vidhibiti vya kasi, hakuna atakayekumbuka 0.8 ilitoka wapi.

Wiki ya 2

Tumepanga ngazi za uhakiki. Si kila karatasi inastahili kuhakikiwa kwa uzito uleule, na kujidai kwamba tutafanya hivyo ni njia ya uhakika ya kuhakikisha kwamba zote zinapitiwa juujuu. Karatasi za ngazi ya kwanza, kama idadi ya soketi za vyumba vinavyofanana, zinapitiwa na mwenzake msanifu ofisini. Za ngazi ya pili zinapitiwa mstari kwa mstari na mhandisi ambaye hakuandika karatasi hiyo. Za ngazi ya tatu, ambazo kosa lake linagusa usalama wa watu au linabadilisha ununuzi wa kifaa kikubwa, zinakwenda kwa mhakiki huru. Karatasi 11 kati ya 43 zimeingia ngazi ya tatu, zikiwemo M-07 ya feni ya jiko, E-04 ya jumla ya mizigo na jenereta, na E-09 ya kebo ya nyumba ya pampu.

Mhakiki wetu ni mhandisi mstaafu anayeishi Moshi, ambaye hakuhudhuria kikao chochote cha usanifu na hana hisa katika ofisi yetu. Nilimtembelea Jumatano. Baada ya shikamoo na kikombe cha kahawa, kitu cha kwanza alichosema ni kwamba hataki kuona mahesabu yetu.

"Nipe michoro ya msanifu majengo, msingi wa usanifu na orodha ya maswali," alisema. "Majibu yenu kaeni nayo. Nikiyaona kabla ya kukokotoa, nitaanza kuyatafutia sababu."

Nilikuwa nimeandaa utaratibu wa kumpa lahajedwali zetu ili azipitie, nikaubadilisha pale pale. Anayepitia lahajedwali ya mwingine huhakiki hesabu ya kujumlisha na kuzidisha, ambayo kompyuta imekwisha kuifanya bila kosa. Lililokosewa kwa kawaida liko kwenye namba iliyoingia au kwenye kanuni iliyochaguliwa, na hayo mawili hupita yakiwa yamevaa mavazi mazuri. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba kwa karatasi za ngazi ya tatu atakokotoa upya kwa mkono na kwa njia yake, kisha tutalinganisha majibu.

Mipaka ya tofauti imeandikwa kabla ya kulinganisha, si baada. Kwa mtiririko wa hewa na wa maji, tofauti isiyozidi asilimia 5 inakubaliwa. Kwa kanieneo ya feni na pampu, asilimia 10. Kwa kushuka kwa volti, sehemu 0.3 ya asilimia. Tofauti ikizidi hapo, inaandikwa kuwa hoja hata kama kila upande unaona uko sahihi. Nimeongeza pia kwamba majibu yakifanana mpaka tarakimu ya tatu baada ya nukta, mhakiki ataulizwa alitumia njia gani, maana watu wawili wanaofanya kazi kila mmoja kivyake hawafiki mahali pamoja kwa usahihi wa namna hiyo.

Wiki ya 4

(Wiki ya 3 ilikwisha kwa wasanifu kumaliza karatasi zao na kupitiana ngazi mbili za kwanza. Hakuna la kuandika isipokuwa kwamba karatasi tatu zilirudishwa kwa kukosa asili ya namba.)

Majibu ya mhakiki yamefika. Karatasi nane kati ya 11 ziko ndani ya mipaka. Tatu haziko, na iliyo mbali zaidi ni M-07.

Msanifu wetu wa mitambo alikuwa amepata mita za ujazo 1.5 za hewa kwa sekunde. Mhakiki amepata 1.8. Tofauti ni asilimia 20 ya jibu letu, na mpaka wetu ulikuwa asilimia 5. Joto la kuondolewa ni kilowati 18 kwa wote wawili, na ongezeko la joto la hewa inayotoka likilinganishwa na ile inayoingia ni nyuzi 10 kwa wote wawili, kwa hiyo tofauti haikuwa kwenye mahitaji ya jiko. Ilikuwa kwenye namba 1.2.

Wanaosanifu hewa wanaifahamu. Kanuni fupi inasema kwamba wati za joto ni sawa na 1.2 mara lita za hewa kwa sekunde mara ongezeko la nyuzi. Hiyo 1.2 si namba ya kudumu; ni uzito wa hewa katika mita moja ya ujazo kwenye usawa wa bahari, ukizidishwa na uwezo wa hewa kubeba joto, ambao ni karibu sana na moja. Lahajedwali aliyotumia kijana wetu ilitengenezwa kwa mradi wa Dar es Salaam, na kule namba hiyo ilikuwa na kosa dogo tu. Arusha hewa ni nyepesi. Mhakiki aliandika mistari miwili:

```
P = 101325 × (1 − 0.0000225577 × 1400)^5.25588 ≈ 85,600 Pa
ρ = P / (287 × T) = 85,600 / (287 × 298) ≈ 1.00 kg/m³
```

Yaani kanieneo ya hewa kwenye mita 1,400 ni takribani kilopaskali 85.6 badala ya 101.3, na kwa joto la nyuzi 25 kila mita ya ujazo ina kilo moja tu ya hewa. Inayobeba joto ni hiyo kilo, si ukubwa wa nafasi inayojaza. Kwa hiyo wati 18,000 zikigawanywa kwa 1.0 na kwa nyuzi 10 zinatoa lita 1,800 kwa sekunde. Pembeni ameandika kwa kalamu kwamba hata kwake Moshi, penye mita zisizofika 900, bado angeipunguza hiyo 1.2 kwa karibu sehemu moja ya kumi, kwa hiyo tusifikiri ni tatizo la milimani pekee.

Lililonisumbua zaidi ni kwamba karatasi yetu ilikuwa na uhakiki wa ndani, na ulipita. Msanifu alikuwa ametumia njia ya pili, inayotazama kasi ya hewa kwenye mdomo wa kofia ya moshi juu ya majiko. Kofia ina upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 3, yaani mita za mraba 3.6; kwa kasi aliyochagua ya mita 0.4 kwa sekunde alipata mita za ujazo 1.44 kwa sekunde. Njia mbili zikatoa 1.5 na 1.44, na aliyepitia akaweka saini akiwa ametulia. Lakini njia ya kasi haina uzito wa hewa ndani yake hata kidogo, kwa hiyo haikuwa na uwezo wa kugundua kosa lililokuwa kwenye njia ya joto. Kukaribiana kwa majibu hayo mawili kulikuwa bahati tu. Nimeongeza mstari kwenye fomu ya karatasi: msanifu anapotumia njia ya pili kujihakiki, aandike ni namba zipi zinaingia katika njia zote mbili na ni zipi zinaingia katika moja tu.

Chanzo chenyewe, hata hivyo, kiko juu ya M-07. Msingi wa usanifu ulitaja joto la juu la nje, voltiji ya TANESCO ya 400/230 na masafa ya hezi 50, lakini haukutaja mwinuko. Ripoti ya mpimaji ilikuwa nao. Mimi ndiye niliyeandika msingi huo na sikuuhamisha. Mhakiki aliupata kwa sababu yeye huanza na ripoti ya mpimaji siku zote, na hoja yake namba 4 haikuandikwa dhidi ya M-07 bali dhidi ya ukurasa wa pili wa msingi wa usanifu. Nimeipokea. Ukurasa sasa una mstari wa mwinuko, kanieneo ya hewa na uzito wa hewa kwa nyuzi 25, na karatasi zote zinazotumia hewa zinachukua kutoka hapo.

Wiki ya 5

Utaratibu wetu ni kwamba mhakiki anaandika hoja, msanifu anajibu na kurekebisha, na mhakiki pekee ndiye anayeifunga. Mhakiki harekebishi karatasi. Akiirekebisha anakuwa msanifu, na tunabaki bila mhakiki. Msanifu naye hana ruhusa ya kuandika "imefungwa," hata jambo likiwa dogo kama herufi iliyokosewa.

Wiki hii tumeona faida ya kanuni hiyo, kwa sababu jibu la kwanza la M-07 limekataliwa.

Msanifu alibadilisha mtiririko kuwa 1.8, na hapo akafanya vizuri jambo ambalo wengi hulisahau: alikokotoa upya kanieneo ambayo feni inatakiwa kushinda. Kwa hewa ya usawa wa bahari na mtiririko wa 1.5, mabomba ya hewa, kichujio cha mafuta na tundu la juu vilihitaji paskali 400. Upinzani wa mabomba hukua kwa mraba wa mtiririko na hupungua hewa inapokuwa nyepesi, kwa hiyo paskali 400 zikizidishwa na mraba wa 1.8 kwa 1.5, kisha na 1.0 kwa 1.2, zinatoa paskali 480. Hadi hapo hakuna ubishi. Kisha akafungua katalogi ya feni, akatafuta feni inayotoa 1.8 kwa paskali 480, akaiandika kwenye jedwali.

Mhakiki alirudisha hoja ikiwa na swali moja: mkunjo wa katalogi umechorwa kwa hewa ya uzito gani?

Katalogi za feni, isipokuwa zimeandika vinginevyo, hutumia hewa ya kilo 1.2. Feni ni mashine ya ujazo. Ikizunguka kwa kasi ileile husukuma mita za ujazo zilezile popote ilipo, lakini kanieneo inayozalisha hushuka sambamba na uzito wa hewa. Feni iliyoandikwa paskali 480 kwenye katalogi ingetoa paskali 400 tu Arusha. Ili kupata 480 kiwanjani, katalogi inafunguliwa kwenye 480 mara 1.2, yaani paskali 576, kwa mtiririko uleule wa 1.8. Mwelekeo wa nguvu ni kinyume: nguvu inayosomwa kwenye katalogi hupunguzwa kwa uwiano huohuo. Kwa ufanisi wa feni wa asilimia 55, katalogi inaonyesha takribani wati 1,885, na kiwanjani shafti itahitaji takribani wati 1,570.

Kijana alinijia akiwa amekata tamaa kidogo. "Mhandisi, mara ya kwanza nilikosea kwa kusahau mwinuko, na sasa nimekosea nikiwa nimeukumbuka." Nilimwonyesha kwamba makosa hayo mawili ni tofauti kabisa. La kwanza lilikuwa namba isiyo na asili. La pili lilikuwa namba yenye asili nzuri iliyowekwa kwenye mkunjo wa hali nyingine. Hilo la pili halitaonekana kwa kutazama karatasi pekee. Ni lazima mtu afungue katalogi na kusoma maandishi madogo yaliyo chini ya mkunjo. Kwa hiyo fomu imepata mstari mwingine: kila thamani inayotoka katalogi iandikwe pamoja na hali ambayo mtengenezaji ameitolea.

Nguvu ya mota imetoka kilowati 1.5 hadi 2.2. Wati 1,570 zingepita juu ya 1.5, na asubuhi za Julai, jiko likiwashwa hewa ikiwa nyuzi 12 na nzito kidogo zaidi, shafti ingehitaji karibu wati 1,650. Mota za kawaida za viwango vya IEC hutolewa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000, na juu ya hapo upoaji wake hupungua, lakini kwa 2.2 tuna nafasi ya kutosha, na mota iko nje ya mkondo wa hewa ya moto.

Naacha kumbukumbu ya kile ambacho kingetokea kama feni ya kwanza ingefungwa, kwa sababu mteja ameniuliza. Isingeungua. Ingesukuma mita zake 1.5 kama ilivyoahidi, na mota ingevuta umeme pungufu kuliko ilivyoandikwa kwenye bamba, kwa hiyo fundi mwenye kipima ampea angesema kila kitu ni salama. Lakini hewa inayotoka ingekuwa na ongezeko la nyuzi 12 badala ya 10, na wapishi wangelalamika juu ya joto kwa miaka mingi bila mtu kupata sababu. Kosa la aina hii hugunduliwa kwa kipimajoto kwenye bomba, si kwa mita ya umeme.

Wiki ya 6

Hoja imeingia upande wa umeme, na hapa jedwali la makabidhiano limefanya kazi yake, ingawa si bila mikwaruzo.

Kanuni inasema kwamba mitambo inaipa umeme namba kupitia jedwali hilo pekee: jina la kifaa, karatasi iliyokizaa, kilowati, njia ya kuwasha, kama kinabaki kwenye jenereta umeme wa gridi ukikatika, na toleo. Tulipofuatilia M-07 kuelekea mbele, tuliona kwamba E-04 ilikuwa na kilowati 1.5 iliyotoka kwenye ujumbe wa simu wa wiki ya 2, si kwenye jedwali. Namba ilikuwa ileile wakati ule, kwa hiyo hakuna aliyeona. Jedwali lilipobadilika kuwa 2.2, ujumbe wa simu haukubadilika. Kama mahali jibu linakokwenda pasingeandikwa chini ya M-07, tungegundua siku ya kuwasha.

Mabadiliko yenyewe yalikwenda mbali kidogo kisha yakasimama, na ni vizuri karatasi iseme pia yanaposimama. Mkondo wa mota umepanda kutoka takribani ampea 3.3 hadi 4.7. Kebo ya milimita za mraba 2.5 inatosha kama ilivyotosha. Rilei ya kuzuia mzigo kupita kiasi imebadilishwa, kwa kuwa ile ya awali isingeweza kurekebishwa hadi 4.7. Katika jumla ya jenereta ongezeko la kilowati 0.7 ni dogo. Lakini mwinuko wenyewe si mdogo, maana injini nayo inavuta hewa ileile nyepesi. Mhakiki amekataa tupunguze uwezo wa jenereta kwa asilimia ya kukisia, kwa sababu injini yenye tabo na isiyo na tabo hazipungui kwa kiasi kimoja. E-04 inabaki wazi hadi muuzaji alete jedwali la mtengenezaji la mita 1,400.

E-09 ilikuwa jambo fupi zaidi. Kebo ya shaba yenye kore nne kwenda nyumba ya pampu ina urefu wa mita 110 na mzigo wa ampea 32. Kwa milimita za mraba 10, jedwali la BS 7671 linatoa milivolti 4.0 kwa kila ampea kwa kila mita, yaani volti 14.1, au asilimia 3.5 ya 400. Msanifu alilinganisha na kikomo cha asilimia 5 akaandika "inatosha." Mhakiki alikubali 3.5, lakini alikumbusha kwamba kikomo kinahesabiwa tangu mwanzo wa mfumo, na kebo kutoka kwenye mita hadi bodi kuu ndogo ilikuwa tayari imekula asilimia 1.8 kwa mujibu wa karatasi yetu wenyewe, E-06. Jumla ni 5.3. Tumehamia milimita 16, yenye 2.5 badala ya 4.0; volti 8.8, asilimia 2.2, na jumla 4.0.

Nilipenda namna alivyoithibitisha hiyo 2.5 bila kufungua jedwali lilelile tulilotumia. Alichukua ukinzani wa shaba ya milimita 16, omu 1.15 kwa kilomita kwa nyuzi 20, akaupandisha hadi nyuzi 90 ambazo kebo inaruhusiwa kufikia, akapata karibu 1.47, kisha akazidisha na mzizi wa pili wa 3. Jibu ni 2.54. Jedwali na fizikia vimekutana, kila kimoja kikiwa kimetoka njia yake.

Wiki ya 7

Uhakiki wa mahesabu umekwisha kwa sehemu kubwa. Uliobaki ni wa michoro dhidi ya mahesabu, na huu haufanywi na mhakiki wa Moshi bali na mtu wa ofisini asiye mchoraji. Anashika faili mkono mmoja na michoro mkono mwingine, na kwa kila jibu la karatasi ya ngazi ya tatu anatia alama ya rangi pale linapoonekana mchoroni: kwenye orodha ya feni, kwenye mchoro wa bodi, kwenye mchoro wa mabomba. Jibu lisilopata alama halijafika kwa mkandarasi. Amepata mahali pawili. Mchoro wa bodi ya jiko bado ulikuwa na mota ya kilowati 1.5, na orodha ya feni ilikuwa na paskali 576 bila kusema kwamba ni za hewa ya katalogi. Muuzaji angeweza kuirekebisha tena kwa mwinuko na kutuletea feni kubwa kupita kiasi. Orodha sasa ina safu mbili: "paskali 480 kwa hewa ya kilo 1.0" na "paskali 576 kwa hewa ya kilo 1.2."

Jambo moja la saini. Nilipopitia karatasi za ngazi ya pili, niliona 14 zenye saini ya mpitiaji ya siku moja, zote bila hoja hata moja. Inawezekana zilikuwa safi. Nilichagua mbili bila kuangalia nikamwomba aliyesaini anieleze asili ya namba tatu katika kila moja. Moja aliieleza vizuri, nyingine hakuweza. Karatasi zote 14 zimerudishwa, na amepewa siku nne.

Hali ya rejista leo Ijumaa: hoja 31, zilizofungwa 28. Hoja ya 4 imefungwa baada ya msingi wa usanifu kutolewa upya ukiwa toleo B. Hoja ya 19 inasubiri jedwali la jenereta. Hoja ya 30 inasubiri saini za karatasi 14. Hoja ya 31 niliiandika mwenyewe na mhakiki ameikubali: kwenye orodha ya majaribio ya jiko, fundi apime joto la hewa inayoingia na inayotoka majiko yote yakiwa yamewashwa, si mkondo wa mota peke yake, na karatasi ya vipimo irudi kwenye faili nyuma ya M-07. Haitafungwa hadi jengo lianze kupika.